Tawasifukazi ya Mhasibu

Swali la kwanza katika karatasi ya Insha (102/1) ni la lazima, na mara kwa mara huwa ni insha ya kiuamilifu. Tawasifukazi, ambayo vitabu vingine huiita wasifukazi, ni mojawapo ya insha hizo. Tazama swali la aina hii:

Swali: Kampuni moja imetangaza nafasi ya kazi ya mhasibu. Andika tawasifukazi utakayoambatisha na barua yako ya kuomba kazi hiyo.

Watahiniwa wengi huijua sura ya tawasifukazi: maelezo ya kibinafsi, malengo ya kikazi, elimu, tajriba, ujuzi, uraibu na warejelewa. Tatizo huanza wanapofika kwenye tajriba na ujuzi. Hapo huandika kwamba wao ni wachapakazi, waaminifu na wana uzoefu mkubwa wa hesabu. Maneno hayo yangeweza kuandikwa na daktari, dereva au mpishi. Swali limetaja mhasibu, kwa hivyo yaliyomo lazima yawe ya mhasibu.

Kumbuka pia atakayeisoma tawasifukazi hiyo. Ni mhasibu mwenzako, na kazi yake ya kila siku ni kuuliza: "Hii imetoka wapi? Risiti iko wapi?" Ataisoma tawasifukazi yako kwa jicho lilo hilo. Kila dai lako liwe na kitu kinachoweza kuhakikiwa, na madai yote yaafikiane. Tuone jinsi ya kufanya hivyo katika sehemu nne.

1. Kazi za ukaguzi wa hesabu

Linganisha sentensi hizi mbili:

(a) Nimefanya ukaguzi wa kampuni nyingi kubwa.

(b) Nilikuwa katika kikundi cha wakaguzi wanne kilichokagua hesabu za kiwanda cha maziwa za mwaka ulioishia tarehe 31 Desemba 2024. Nilishuhudia kuhesabiwa kwa bidhaa ghalani na kulinganisha daftari la fedha na taarifa za benki.

Sentensi (b) inajibu maswali manne: ulikagua shirika la aina gani, hesabu za kipindi kipi, mlikuwa wangapi, na sehemu yako ilikuwa ipi. Swali la mwisho ndilo lenye uzito zaidi. Ukaguzi hufanywa na kikundi, na anayeanza kazi hupewa sehemu kama kuhesabu mali ghalani, kupitia vocha za malipo, au kutuma barua kwa wadaiwa ili wathibitishe kiasi wanachodaiwa. Mtu wa miaka miwili kazini akiandika kwamba alitia sahihi ripoti ya ukaguzi, msomaji atajua mara moja kuwa si kweli. Nchini Kenya, ripoti hiyo hutiwa sahihi na mhasibu aliyesajiliwa na ICPAK, chama cha wahasibu nchini, na aliyepewa leseni ya kufanya ukaguzi.

Angalia pia kwamba sentensi (b) haikutaja jina la kiwanda. Mkaguzi hufungwa na kanuni ya usiri: anayoyaona katika vitabu vya mteja hayatoi nje. Ndiyo maana katika tawasifukazi mteja huelezwa kwa aina ya biashara na ukubwa wake. Mwombaji anayetaja mteja kwa jina kisha akaeleza kasoro alizozigundua huko hajisifu. Anamwonyesha mwajiri mpya kwamba kesho siri zake pia zitaandikwa kwenye karatasi ya mtu mwingine.

2. Programu za uhasibu

Kuandika "Najua kompyuta" hakutoshi. Taja programu kwa jina, kisha ueleze ulichoifanyia. Mathalani: "QuickBooks: kuingiza ankara za wauzaji, kulinganisha hesabu za benki kila mwezi na kutoa urari." Urari ni orodha ya salio za leja zote, na jumla ya upande wa debiti lazima iwe sawa na ya upande wa krediti. Anayetaja urari anaonyesha kwamba aliifikisha kazi mwisho wa mwezi, hakuishia kuchapa tarakimu tu.

Programu nyingine za kutaja ni Sage na Excel, ambayo ni lahajedwali. Kwa Kenya unaweza kutaja iTax pia, mtandao ambao ritani za kodi huwasilishwa kwa Mamlaka ya Mapato. Usiorodheshe programu kumi. Mbili au tatu zenye maelezo zinatosha, kwani katika usaili wengi hupewa kompyuta na kuambiwa, "Tuonyeshe."

3. Bajeti ulizoshughulikia

Hapa ndipo neno "nilisimamia" huwaponza watahiniwa. Bajeti hupitia mikono mingi. Kuna anayeiandaa, anayeiidhinisha, anayetoa fedha, na anayefuatilia matumizi ili yasipite kiasi kilichopangwa. Chagua kitenzi kinacholingana na cheo chako. Karani wa hesabu wa shule haidhinishi bajeti, kwa sababu hiyo ni kazi ya bodi ya shule. Karani anaweza kufuatilia matumizi ya sehemu fulani na kutoa taarifa ya kila mwezi.

Kisha toa kiasi, kipindi na matokeo. Tuseme bajeti ya chakula na bweni ya shule kwa mwaka 2023 ilikuwa Sh 18,000,000, na mwisho wa mwaka zilikuwa zimetumika Sh 17,640,000. Zilibaki Sh 360,000. Gawa matumizi kwa bajeti, kisha uzidishe kwa 100, utapata asilimia 98. Sasa unaweza kuandika: "Nilifuatilia bajeti ya chakula na bweni ya Sh 18,000,000 ya mwaka 2023, matumizi yalikuwa asilimia 98." Hakikisha tarakimu zako zinajumlika. Insha ya mhasibu yenye hesabu isiyojumlika hujikosoa yenyewe.

Usitaje bajeti ya shirika zima ikiwa wewe ulishika sehemu moja tu. Kosa hilo hugunduliwa kwa urahisi, kwa maana mwajiri humpigia mrejelewa simu na kuuliza kiasi.

4. Ngazi za mitihani ya kitaaluma

Nchini Kenya mitihani ya CPA hutahiniwa na KASNEB, na ina ngazi tatu: ya Msingi, ya Kati na ya Juu. Mtu hupanda ngazi huku akifanya kazi, kwa hivyo si aibu kuomba kazi kabla ya kumaliza. Waajiri wengi hutangaza nafasi kwa waliofika Ngazi ya Kati. La muhimu ni kuonyesha ulipofika: ngazi uliyofaulu, mwezi na mwaka, na ile unayoendelea nayo. Kuandika "CPA" peke yake ni kumficha msomaji jambo, kwa kuwa hajui kama umefaulu ngazi moja au zote.

Tahadhari na herufi zinazoandikwa baada au kabla ya jina. Kufaulu Ngazi ya Juu hakumpi mtu haki ya kujiita CPA. Sheria ya Wahasibu ya mwaka 2008 humtaka kwanza asajiliwe na ICPAK. Mtu anayeandika "CPA" mbele ya jina lake juu ya ukurasa, halafu chini akaandika "Ngazi ya Juu: ninaendelea", amejipinga mwenyewe katika karatasi moja.

Mfano

Hii ni sehemu ya tawasifukazi ya mwombaji wa kubuni. Katika mtihani utaandika jina kamili, na utakamilisha maelezo ya kibinafsi, uraibu na warejelewa.

TAWASIFUKAZI YA ZAWADI FULANI

*Malengo ya kikazi*
Kufanya kazi katika idara ya uhasibu huku nikikamilisha Ngazi ya Juu ya CPA na kupata usajili wa ICPAK.

*Elimu*
2017–2021: Chuo Kikuu, Shahada ya Biashara (Uhasibu)
2013–2016: Shule ya Upili, KCSE, gredi B

*Mitihani ya kitaaluma (KASNEB, CPA)*
Ngazi ya Juu: ninaendelea
Ngazi ya Kati: nilifaulu, Desemba 2023
Ngazi ya Msingi: nilifaulu, Desemba 2022

*Tajriba ya kazi*
Januari 2024 hadi sasa: Mkaguzi msaidizi, kampuni ya ukaguzi, Nakuru
– Kiwanda cha maziwa, hesabu za mwaka 2024, kikundi cha watu wanne: nilishuhudia kuhesabiwa kwa bidhaa ghalani na kulinganisha hesabu za benki.
– Chama cha akiba na mikopo, hesabu za mwaka 2023, kikundi cha watu watatu: nilipitia vocha za mikopo.

Januari 2022 – Desemba 2023: Karani wa hesabu, shule ya bweni
– Nilifuatilia bajeti ya chakula na bweni ya Sh 18,000,000 ya mwaka 2023. Matumizi yalikuwa asilimia 98.

*Ujuzi wa programu*
QuickBooks: ankara, ulinganisho wa benki, urari
iTax: kuwasilisha ritani za kodi ya ongezeko la thamani

Tazama mpangilio wake. Ya karibuni hutangulia na ya zamani hufuata, katika elimu, mitihani na kazi. Sasa chukua kalamu ufuate miaka. Zawadi alimaliza shule mwaka 2016, akaingia chuo mwaka 2017, akahitimu mwaka 2021 na kuanza kazi Januari 2022. Alifaulu Ngazi ya Msingi na ya Kati akiwa karani, na alipokwisha kufaulu ya Kati akahamia kwenye ukaguzi. Kila tarehe inaishika nyenzake mkono. Zawadi angeandika "tajriba ya miaka kumi" katika malengo yake, miaka hiyo hiyo ingemsuta.

Makosa ya kuepuka

Usiandike tawasifukazi kwa aya ndefu kama insha ya masimulizi. Tumia vichwa na maelezo mafupi. Usianze kwa "Kwa Bwana" wala kumalizia kwa "Wako mwaminifu", kwani huo ni muundo wa barua. Usiache pengo la miaka bila maelezo. Ukimaliza, soma tena ukitafuta mambo mawili tu: dai lisilo na kipimo, na tarehe mbili zinazogombana.

Zoezi

1. Rekebisha sentensi hii iwe na kiasi, kipindi na kitenzi kinachofaa: "Nilisimamia pesa zote za hospitali."

2. Mwombaji ameandika kwamba alimaliza KCSE mwaka 2019, akafaulu Ngazi ya Kati ya CPA mwaka 2023, na anajiita CPA. Taja kasoro na ueleze jinsi ya kuirekebisha.

3. Mwombaji wa kazi ya ukaguzi ametaja jina la mteja wake wa zamani pamoja na kiasi cha fedha kilichopotea huko. Eleza kanuni aliyoivunja, kisha uandike upya maelezo hayo bila kuivunja.