Mbuzi Naye Awe na Jina la Baba
Mifugo ya Watoto: Sehemu ya Pili

Sehemu ya kwanza ya mfululizo huu ilihusu banda la mbuzi wachache wanaoachiwa watoto wa nyumba wawatunze. Leo tunaingia katika jambo ambalo watoto hulifanya wenyewe bila kuagizwa na mtu, nalo ni kuwapa mbuzi wao majina. Wazazi wengi huliona kama mchezo wakaliacha lipite. Mimi naona kwamba jina hilo, likitolewa kwa utaratibu, linaweza kuikinga familia na hasara kubwa ya ufugaji mdogo: mbuzi wa damu moja kupandana pasipo mtu kujua.

Tuanze na majina yenyewe. Mtoto akiachwa achague, kwa kawaida atatazama rangi au tukio. Mwenye baka jeupe usoni ataitwa Mwezi, mwenye madoa ataitwa Kanga, na aliyezaliwa mvua ikinyesha ataitwa Masika. Majina ya aina hii ni mazuri kwa sababu yanamfundisha mtoto kumtazama mnyama. Hata hivyo yana upungufu. Rangi ya mwanambuzi huweza kubadilika anapokua, na mbuzi huzaa mapacha mara nyingi, ambao pengine wanafanana kabisa. Masika nayo hurudi kila mwaka, na wanambuzi wengine huzaliwa. Baada ya miaka miwili familia ina majina mengi mazuri, lakini hakuna anayekumbuka nani alizaliwa na nani.

Wafugaji wa nchi nyingine wamelitatua jambo hili kwa herufi. Nchini Ufaransa kila mwaka una herufi yake, na mnyama anayeandikishwa katika daftari la ukoo hupewa jina linaloanza na herufi ya mwaka aliozaliwa. Mwaka 2024 herufi ilikuwa V, na mwaka 2025 wakaanza upya na A. Anayesikia jina hujua umri. Kwa familia yenye mbuzi watatu au wanne, herufi ina kazi yenye faida zaidi kuliko hiyo: itumike kuonyesha mama. Watoto wa Mwezi wote waanze na M, na wa Kanga waanze na K. Wajukuu wanaozaliwa na majike wa ukoo wa Mwezi waendelee na M hiyohiyo. Huko Mgeta, katika milima ya Uluguru mkoani Morogoro, ambako mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway wamefugwa tangu miaka ya 1980, utaratibu huu hautakuwa mgeni kwa wenyeji, kwa maana Waluguru nao huhesabu ukoo kwa upande wa mama.

Lakini herufi ya mama ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni baba, na hapa ndipo mfugaji mdogo hupotea. Familia nyingi hazina beberu wao. Hutumia wa jirani au wa kikundi, na beberu mmoja huwapanda majike wa kitongoji kizima. Kwa hiyo wanambuzi wa nyumba kumi tofauti, wenye mama kumi tofauti, wanaweza kuwa ndugu wa baba mmoja. Kwa macho hutawatambua.

Dawa yake tunayo katika desturi yetu ya kuitana. Mtoto wa binadamu kwetu huwa na jina lake, likafuatwa na jina la baba, kisha la babu. Mwanambuzi naye apewe hivyo. Beberu akiitwa Jabali, binti wa Mwezi awe Malkia Jabali, na mtoto wa Kanga awe Kito Jabali. Herufi ya kwanza inamtaja mama, jina la pili linamtaja baba. Mtoto wa darasa la tatu hahitaji kufundishwa zaidi ya hapo.

Tuchukue mfano tuufuate hatua kwa hatua. Familia ina majike wawili, Mwezi na Kanga, wasio na undugu. Mwezi alipandwa na Jabali tarehe 12 Oktoba 2023. Mimba ya mbuzi huchukua siku 150 hivi, ikipungua au kuzidi kwa siku chache, kwa hiyo watoto wakaandika katika daftari kwamba atazaa karibu na tarehe 10 Machi 2024. Akazaa tarehe 11 Machi, mapacha: jike, Malkia Jabali, na dume, Mshale Jabali. Kanga alipandwa na Jabali huyohuyo tarehe 2 Novemba, akazaa dume mmoja tarehe 31 Machi, Kito Jabali.

Ifikapo mwisho wa Julai, Kito ana miezi minne. Mwenye nyumba bado anamwona mtoto, kumbe dume wa umri huo aliyelishwa vizuri anaweza kutia mimba. Malkia naye anaweza kuingia joto akiwa na miezi mitano au sita, na joto likishaanza hurudi kila baada ya siku 21 hivi. Wakilala banda moja, kufikia Septemba anaweza kuwa na mimba ambayo hakuna aliyeipanga. Kwa herufi peke yake, M na K, watoto wangeona hakuna tatizo. Jina la pili ndilo linalowaonya: wote ni Jabali.

Ubaya wake unapimika. Mbuzi hupokea vinasaba nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba. Ndugu wa baba mmoja wakizaa, uwezekano ni asilimia 12.5 kwamba katika sehemu yoyote ya vinasaba vyake mtoto atapata nakala mbili za kitu kilekile kilichotoka kwa babu mmoja. Jabali mwenyewe akimpanda binti yake Malkia, uwezekano huo unafika asilimia 25. Kasoro nyingi hujificha mnyama akiwa na nakala moja tu, na hujitokeza zikikutana mbili. Matokeo yake ni wanambuzi wadogo wanapozaliwa, vifo vingi kabla ya kuachishwa kunyonya, majike wasioshika mimba upesi, na maziwa kupungua kizazi baada ya kizazi. Wakati mwingine huzaliwa mwenye taya fupi, au dume ambaye pumbu moja halikushuka.

Ugumu ni kwamba dalili hizi hufanana na za minyoo na za lishe duni. Mfugaji akiona wanambuzi wamedumaa hununua dawa ya minyoo, na mara nyingi huwa amefanya sahihi. Lakini mama akiwa na afya, amekula vizuri na amepewa dawa, na bado wanae ni dhaifu uzao baada ya uzao, hapo ndipo pa kufungua daftari na kusoma majina ya pili.

Kanuni za kuwafundisha watoto ni tatu. Kwanza, wenye jina la pili moja wasipandane. Pili, beberu asimpande jike ambaye jina lake la pili ni jina la beberu huyo. Tatu, wenye herufi moja wasipandane. Kwa kanuni hizo, ndugu wa baba mmoja, baba na binti, na mama na mwanawe wote wametenganishwa.

Lipo pengo moja lililobaki. Tuseme Malkia amekua, akapandwa na beberu mwingine, Radi, akazaa jike aitwaye Mlima Radi. Jina hilo halimtaji Jabali popote, ingawa ni babu yake mzaa mama. Jabali akirudishwa akampanda Mlima kwa kudhaniwa kuwa si ndugu, tumerudi kwenye asilimia 12.5. Hapa jina halitoshi. Lazima daftari lisomwe kwa kurudi nyuma, kutoka kwa Mlima hadi kwa mama yake, uone kwamba mama ni Malkia Jabali. Njia rahisi ni hii: beberu akishahudumia nyumba kwa mwaka mmoja na nusu hivi, kabla binti zake hawajaanza kupandwa, aondoke, aje mwingine asiye ndugu yake, na wa kwanza asirudi maadamu binti na wajukuu zake bado wapo bandani.

Daftari lenyewe lisizidi safu sita: jina kamili, mama, tarehe ya kuzaliwa, jike au dume, alama za mwili, na aliondokaje. Kurasa za mwisho ziwekwe kwa ajili ya kupandisha: jike, beberu, tarehe, na tarehe anayotazamiwa kuzaa. Aandike mtoto, lakini mzazi asome kila mwezi. Pia hereni ya namba sikioni ni muhimu pindi wanambuzi wanapozidi watano, kwa sababu siku mtoto anayewajua akienda shule ya bweni, ujuzi wa kumtofautisha mmoja na mwenzake huenda naye.

Sasa madume. Mshale na Kito hawatabaki kuwa mabeberu wa nyumba hii. Watenganishwe na majike wakiachishwa kunyonya, karibu miezi mitatu, au wahasiwe na mtaalamu wa mifugo kabla ya umri huo. Baadaye watauzwa au watachinjwa. Baadhi ya wazazi hukataza dume kupewa jina wakidhani mtoto atapunguziwa uchungu. Kumnyima jina dume kunaacha pengo katika daftari, na mtoto atampenda vilevile. Lililo la haki ni kumwambia mapema, siku ileile ya kutoa jina, kwamba jike anabaki na dume ataondoka, na mwezi gani. Tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa humsaidia hata mnunuzi: mbuzi wa udhiya katika Idi ya kuchinja anatakiwa awe ametimiza mwaka, na kwa meno pekee ni rahisi kubishana.

Mwisho, jina liwe la kuitika. Liwe fupi, lisilofanana kwa sauti na la mwenzake. Mwezi na Mwenzi bandani ni vurugu. Mtoto aliite kila anapompa pumba, kabla ya kuweka chombo chini na si baada yake, kwa sauti ileile kila siku. Mbuzi ni mwepesi wa kujifunza, hatakawia kuja akisikia. Mbuzi anayekuja akiitwa anaweza kukaguliwa kwato, macho na kiwele bila kukimbizana, na ugonjwa huonekana mapema. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle nchini Uingereza waliripoti mwaka 2009 kwamba mashamba yaliyowaita ng'ombe kwa majina yalipata maziwa zaidi, lita 258 kwa ng'ombe katika msimu wa kukamuliwa. Hatuwezi kusema jina ndilo lililoongeza maziwa. Yawezekana anayemwita ng'ombe kwa jina ndiye pia anayemtunza vizuri zaidi.

Wiki ijayo tutazungumzia kuku, ambako mambo ni tofauti, kwa kuwa jogoo mmoja huwazunguka matetea wote. Kwa leo nawaomba wazazi jambo moja. Kabla mbuzi wenu hajapandwa tena, mwulizeni mwenye beberu jina la beberu wake na jina la baba yake, kisha mpeni mtoto kalamu ayaandike.