Anajua Yote, Lakini Hakuulizwa Hayo

Tuchukue swali la mfano la Historia: “Linganisha upinzani wa Wahehe dhidi ya Wajerumani na vita vya Maji Maji.” Swali lina alama 15. Mtahiniwa analifurahia kwa sababu mada zote mbili amezisoma vizuri. Ukurasa wa kwanza anaandika habari za Mtwa Mkwawa: jinsi jeshi lake lilivyoliangamiza kundi la askari wa Zelewski pale Lugalo Agosti 1891, jinsi ngome ya Kalenga ilivyoanguka mwaka 1894, na jinsi Mkwawa alivyojiua mwaka 1898 ili asikamatwe. Ukurasa wa pili anahamia kwa Kinjekitile wa Ngarambe, dawa ya maji, Wamatumbi waliong’oa pamba mwaka 1905, na njaa iliyofuata. Tarehe ni sahihi, majina ni sahihi, mwandiko unasomeka. Matokeo yakitoka, amepata alama ndogo kuliko mwenzake aliyeandika ukurasa mmoja na nusu na kukumbuka tarehe mbili tu.

Nyumbani watasema ameonewa, ila hakuonewa. Ameandika insha mbili nzuri za “Eleza” mahali palipotakiwa insha moja ya “Linganisha”, na msahihishaji hana ruhusa ya kutoa alama kwa kazi ambayo haikuagizwa. Mbele yake kuna mwongozo wa usahihishaji, na mwongozo huo umejengwa juu ya kitenzi cha swali. Kitenzi kikiwa “linganisha”, alama zimewekwa mahali ambapo mambo mawili yanakutanishwa: yanafanana wapi, yanatofautiana wapi, na kwa kigezo gani. Ukurasa unaomzungumzia Mkwawa peke yake, hata uwe wa kweli kiasi gani, hauna pa kupachikwa alama hizo. Msahihishaji mwema ataokota moja hapa na moja pale kwa mambo yanayoonekana kufanana, lakini kazi ya kulinganisha ameachiwa yeye, wakati mtahiniwa ndiye aliyeagizwa kuifanya.

Turudi kwa yule wa ukurasa mmoja na nusu tuone alifanya nini. Hakuanza na Mkwawa wala Kinjekitile. Alianza na vigezo: chanzo, uongozi, mbinu za vita, matokeo. Kisha kila aya ikabeba kigezo kimoja na pande zote mbili. Kwenye uongozi, kwa mfano, aliandika kwamba Wahehe walipigana chini ya mtawala mmoja aliyekuwa na dola na jeshi lililopangwa tayari kabla Wajerumani hawajafika, ilhali Maji Maji haikuwa na mfalme wala makao makuu. Watu wa makabila mengi ya kusini, Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wangoni na wengine, waliunganishwa na imani ya dawa ya maji. Halafu akaongeza sentensi ambayo kwa maoni yangu ndiyo ya thamani kuliko zote: tofauti hiyo ndiyo sababu upinzani wa Wahehe ulififia Mkwawa alipokufa, lakini kunyongwa kwa Kinjekitile mwanzoni mwa vita hakukuzima Maji Maji.

Sentensi hiyo haimo katika habari ya Mkwawa wala ya Kinjekitile. Inazaliwa pale tu habari hizo mbili zinapowekwa bega kwa bega. Hicho ndicho kinachonunuliwa na alama za kulinganisha. Kwenye mbinu akafanya vivyo hivyo: pande zote mbili zilijaribu mapambano ya wazi, na zote mbili, baada ya kuzidiwa na bunduki za Wajerumani, ziligeukia mashambulizi ya kuvizia ya vikundi vidogo. Huo ni ufanano, na wengi huusahau, kwa kuwa wanadhani kulinganisha ni kutafuta tofauti tu. Baadhi ya mitihani hutenganisha kazi hizo kwa kutumia vitenzi viwili, linganisha na linganua au tofautisha. Panapoandikwa “linganisha” peke yake, salama ni kutoa pande zote mbili, isipokuwa swali lenyewe liseme vingine.

Kuna njia rahisi ya kujipima ukiwa bado chumbani mwa mtihani. Soma aya uliyomaliza. Ikiwa imetaja vita vimoja tu kuanzia mwanzo hadi mwisho, bado hujalinganisha. Maneno kama “ilhali”, “kwa upande mwingine”, “vilevile” na “tofauti na” yasipojitokeza katika insha ya kulinganisha, kuna hitilafu mahali.

“Tathmini” huumiza zaidi, tena huwaumiza wale waliosoma sana. Chukua swali hili: “Tathmini mchango wa imani ya maji katika vita vya Maji Maji.” Mwanafunzi hodari hueleza imani yenyewe kwa kina: mganga, pepo, maji, mtama, jinsi wajumbe walivyoisambaza dawa kijiji kwa kijiji, jinsi watu walivyoamini risasi zitageuka maji. Kisha anafunga kwa kusema imani hiyo ilikuwa na mchango mkubwa sana. Neno “mkubwa” limeandikwa, lakini halijapimwa. Mkubwa kuliko nini? Kwa ushahidi upi? Na mipaka yake ilikuwa wapi?

Kutathmini ni kutoa hukumu yenye sababu, na hukumu haitolewi kwa kusikiliza upande mmoja. Upande wa kwanza unasema imani ilifanya jambo ambalo hakuna mtawala yeyote wa kusini aliyeliweza, yaani kuwaunganisha watu wasiokuwa na lugha moja wala chifu mmoja, na kuwapa ujasiri wa kuikabili bunduki kwa mkuki. Upande wa pili unauliza maswali. Je, watu wangeinuka kama kusingekuwa na kodi, maakida wakali, na kazi ya kulazimishwa katika mashamba ya pamba? Manung’uniko yalikuwapo kabla ya maji. Tena imani hiyo haikukubalika kila mahali, Wahehe hawakujiunga. Na pale Mahenge, mwishoni mwa Agosti 1905, wapiganaji walioikabili boma wakiiamini dawa waliangushwa kwa bunduki za rashasha. Baada ya hapo imani ilipungua nguvu, lakini vita viliendelea kwa kuvizia hadi 1907. Ukishaweka hayo mezani, unaweza kusema: imani ya maji ndiyo iliyoeneza vita na kuvipa umoja, lakini siyo iliyovisababisha, wala siyo iliyoviendeleza baada ya miezi ya mwanzo. Hiyo ni tathmini. Msahihishaji anaweza asikubaliane nayo na bado akaipa alama, kwa sababu imepima na imeonyesha mizani yake.

Nawashauri wanafunzi wanaokutana na “tathmini” waandike kwanza hukumu yao kwa sentensi moja pembeni mwa karatasi, kabla ya kuanza insha. Ikiwa sentensi hiyo haina “lakini”, “ingawa” au “kwa kiasi fulani” ndani yake, mara nyingi ni dalili kwamba bado hujapima. Kisha kila aya iwe inaitetea au inaiwekea mpaka hukumu hiyo. Aya inayosimulia tu, bila kugusa hukumu, inakula muda wako bure.

Nikija kwenye “jadili”, lazima niseme wazi kwamba hili ndilo neno lisilotulia. Katika mijadala ya vyuo vikuu, na katika maswali mengi ya kidato cha sita yanayoanza na kauli ya kubishaniwa, kujadili ni kuleta hoja za kuunga mkono na za kupinga, kisha kufikia msimamo. Lakini katika mitihani mingi ya sekondari neno hilohilo hutumika kwa maana ya kueleza kwa kina. Mwanafunzi anayeambiwa katika karatasi ya Fasihi ajadili maudhui matatu ya tamthilia hatakiwi kupinga kitu. Anatakiwa atoe maudhui, ayaeleze, na ayathibitishe kwa mifano kutoka kwenye kitabu. Ndiyo maana wapo waliofaulu vizuri sekondari wakaanguka kwenye insha za mwaka wa kwanza chuoni. Wamebeba maana ya zamani ya “jadili” kwenda mahali inapodai kazi nyingine. Kinachokusaidia kutofautisha ni kile kinachofuata kitenzi. Kikifuatwa na kauli ambayo mtu mwenye akili anaweza kuikataa, leta pande mbili. Kikifuatwa na jina la kitu au idadi ya hoja, eleza kwa kina.

Alama zilizoandikwa kando ya swali nazo huzungumza. Katika karatasi za Historia na Serikali za KCSE nchini Kenya, swali la insha huwa na vipande viwili. Kipande cha kwanza hudai kutaja mambo machache, na huwa na alama 3 au 5, moja kwa kila jambo. Kipande cha pili hudai kueleza, na huwa na alama 12 au 10, mbili kwa kila hoja: moja kwa kuitaja hoja, ya pili kwa kuieleza. Hapo hesabu inakuwa ya wazi na ya kusikitisha. Mtahiniwa anayezijua hoja zote sita lakini akaziorodhesha bila maelezo ameshaitupa nusu ya alama 12, ingawa hakuna hata hoja moja asiyoijua. Na yule anayeandika aya ndefu kwa kila jambo kwenye kipande cha “taja” hapati zaidi ya zile 3. Anapoteza dakika ambazo angezihitaji mwishoni mwa karatasi.

Tanzania, Baraza la Mitihani hutoa kila mwaka taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo na swali kwa swali. Anayezisoma atakuta lawama moja ikijirudia katika masomo mengi: watahiniwa hawakuelewa matakwa ya swali. Taarifa hizo huambatisha hata sampuli za majibu, mazuri na mabaya. Ni hazina, na inasikitisha kwamba shule nyingi huzitumia kujua asilimia za ufaulu tu, wakati sampuli zile ndizo zingemwonyesha mwanafunzi kwa macho yake jibu lenye maarifa mengi likipata alama ndogo.

Kwa walimu ninalo ombi moja. Chukueni mada moja ambayo darasa limeshaijua vizuri, Maji Maji au nyingine yoyote, na muitungie maswali manne yanayotofautiana kwa kitenzi tu: taja, eleza, linganisha na tathmini. Wanafunzi wasiandike insha nzima. Waandike mpango wa kila jibu kwa mistari mitano. Mipango minne ikitoka imefanana, mtakuwa mmejua tatizo liko wapi miezi kadhaa kabla ya mtihani, na bado mtakuwa na muda wa kulirekebisha.