Barua Pepe ya Kuomba LPO Kabla ya Kazi

LPO ni hati ambayo mteja humpa mzabuni kuthibitisha kwamba ameagiza kazi au bidhaa fulani kwa bei fulani. Katika kampuni kubwa na ofisi za umma, kuitoa maana yake fedha za kazi hiyo zimeshatengwa kwenye bajeti na mwenye mamlaka ameidhinisha. Meneja anayempigia fundi simu na kumwambia aje mara nyingi hana mamlaka hayo, hata kama sauti yake ni ya bosi.

Ankara ikifika, mhasibu huiweka pamoja na LPO na hati inayoonyesha kazi imepokelewa. Hizo tatu zikilingana, malipo huandaliwa. Isipokuwapo LPO, hana cha kulinganisha, na mifumo mingi ya uhasibu hukataa kuiingiza ankara isiyo na namba hiyo. Kutoa LPO baada ya kazi si dawa ya uhakika, kwani tarehe yake ikiwa nyuma ya ile ya ankara, mkaguzi wa hesabu atauliza nani aliidhinisha matumizi.

Kwa hiyo barua pepe ya kuomba LPO hutumwa mara tu mteja anapoikubali profoma. Kampuni ya viyoyozi ya Dar es Salaam inaweza kuandika hivi:

"Ndugu Meneja, tunashukuru kwa kuikubali profoma yetu Na. 118 ya kuhudumia viyoyozi 12, kwa Sh 4,000,000 na VAT Sh 720,000, jumla Sh 4,720,000. Mafundi wetu wako tayari kuanza Jumatatu, tarehe 17. Tunaomba LPO kabla ya siku hiyo, kwa kuwa idara yenu ya uhasibu hairuhusiwi kupokea ankara isiyo na namba ya LPO. Ikitufikia Alhamisi jioni, ratiba haitabadilika. Ikichelewa, tutapanga siku nyingine. Profoma tumeiambatanisha."

Sababu imeelezwa kama utaratibu wa mteja mwenyewe, kwa hiyo ombi halisomeki kama kutomwamini. Tarehe nayo ina kazi: bila hiyo, barua hukaa kwenye meza ya afisa ugavi hadi mafundi wafike getini.

LPO ikija, isomwe kabla ya kufungasha vifaa. Kosa la kawaida ni VAT. Hapo juu, LPO ikiandikwa Sh 4,000,000 tupu, ankara ya Sh 4,720,000 itarudishwa ingawa namba ipo. Jina la mzabuni pia lifanane na lile la ankara na akaunti ya benki. Kasoro yoyote irekebishwe mapema, wakati mteja bado anaisubiri kazi. Na fundi akigundua katikati ya kazi kwamba kompresa imekufa, LPO ya kwanza haigharimii kompresa mpya. Inahitajika nyongeza ya maandishi kabla haijafungwa.