Ordinatere ya kijana: tununue yenye iko tayari ao aiunge mwenyewe?

Wazazi wenzetu wa Kolwezi banatuuliza sana juu ya jambo hili. Tunajibu hapa.

Kijana wetu ana miaka 15. Dukani kuko ordinatere za mezani zimetoka Ulaya, bei nafuu. Juu ya nini anakataa?

Nyingi ni mashini za biro za zamani, kama OptiPlex ya Dell. Ni nguvu, na kwa masomo hazina neno. Shida iko mu alimantasyo, kale kasanduku ka chuma kenye kupokea umeme. Kwa ordinatere ya kawaida, kamba kubwa inayotoka humo kwenda ku karti-meri iko na matundu 24. Mu OptiPlex nyingi iko na 8 ao 6 tu. Umeme ukiruka na kuiunguza, ya matundu 24 utaipata mjini. Ile ingine utaizungukia wiki nzima, ao utafute kamba ya kugeuza.

Lakini anataka michezo. Hatuwezi kuongeza karti grafiki?

Mu bwati fupi, karti ya kawaida haiingii. Inaomba karti fupi yenye kutumia wati 75 tu, zile zinazotoka ku karti-meri yenyewe, sababu alimantasyo ile haina kamba ya kuilisha zaidi. Kuko zenye kufaa, lakini chache.

Na akiunga mwenyewe?

Hapo mwanzoni asinunue karti grafiki. Prosesere Ryzen 5 5600G iko na picha ndani yake, inatosha kwa michezo mingi ya kawaida. Ila picha hiyo inakula memwari ya mashini, kwa hiyo baretti 2 za giga 8 ni bora kuliko 1 ya giga 16. Muuzaji ahakikishe kama karti-meri inakubali prosesere hiyo, ao haitawaka hata vyote vikiwa vizima.

Ikiwaka bila picha, musikimbilie kusema imekufa. Mara nyingi baretti haikuingia mpaka kulia "tak" pande zote, ao kamba ndogo ya umeme karibu na prosesere imesahauliwa.

Garanti je?

Hapo ya dukani inashinda: kukiwa shida, unarudi kwa mtu mmoja. Yenye kuungwa, kila kipande kina muuzaji wake, na wakati mwingine yuko Dubai.

Sasa ninyi munasema nini?

Makuta ikiwa kidogo, nunueni ya dukani yenye bwati refu. Ikifika kwa vipande vyote, aunge, mtu mkubwa akiwa karibu. Kwa zote mbili, kwanza toeni makuta ya regilatere. Na mbele ya kulipa ya dukani, ombeni muuzaji afungue bwati, muhesabu matundu. Akikataa, duka la pili haliko mbali.