Nyumba Moja, Wanunuzi Watatu: Kichwa na Aya ya Kwanza ya Tangazo la Kuuza

Kichwa cha tangazo la nyumba kina kazi ya kumsimamisha anayetafuta nyumba ya aina hiyo na kumwacha asiyeitafuta aendelee na yake. Aya ya kwanza humpa yule aliyesimama sababu ya kupiga simu. Mengine, kama rangi ya vigae na aina ya madirisha, yanaweza kusubiri. Matangazo mengi ya Dar es Salaam siku hizi husomwa kwenye simu, na nafasi ni finyu: Instagram huonyesha herufi kama 125 hivi za maelezo kisha hukata, na WhatsApp nayo huficha ujumbe mrefu mpaka msomaji abonyeze auone wote.

Katika nafasi hiyo ndogo madalali wengi huandika kitu kama hiki: "NYUMBA KALI INAUZWA GOBA, BEI YA KUTUPA, WAHI SASA". Msomaji amejua mambo mawili tu, kwamba kuna nyumba na kwamba iko Goba, kata kubwa yenye mitaa ya lami na mitaa ambayo gari dogo hukwama masika. "Kali" haina kipimo. "Bei ya kutupa" bila bei humfanya mnunuzi makini ashuku kuna kasoro kwenye hati, au humwalika mjanja aanze na nusu ya bei. "Wahi" na "haraka" ndiyo mabaya zaidi kwa muuzaji, kwa sababu yanatangaza kwamba ana shida ya fedha, na mnunuzi yeyote wa mjini anajua kumsubiri mtu wa namna hiyo.

Kabla ya kuandika kichwa, ukweli wa nyumba huwekwa kwanza kwenye karatasi, bila sifa. Chukulia nyumba ya mfano karibu na Goba Njia Nne, wilaya ya Ubungo. Ina vyumba vinne vya kulala, viwili vikiwa masta. Uani kuna vyumba viwili vinavyojitegemea, kila kimoja na choo chake na mita yake ya LUKU, na vina geti la pembeni. Kiwanja ni mita za mraba 900, kimepimwa na kina hati miliki. Maji ni ya DAWASA, pamoja na tanki la lita 5,000. Kutoka lami hadi getini ni mita 400 za barabara ya changarawe. Bei ni shilingi milioni 280.

Karatasi hii haibadiliki. Kinachobadilika kutoka mnunuzi hadi mnunuzi ni mpangilio, yaani kipi kitajwe kwanza na kipi kishuke chini. Dalali anayebadilisha ukweli wenyewe, mita 400 zikawa "kando ya lami" kwa mmoja na "dakika moja" kwa mwingine, atakutana na hasira za watu getini, hasa wale waliotozwa hela ya kuonyeshwa nyumba.

Mnunuzi wa kwanza ni familia inayotaka kuhama kwenye nyumba ya kupanga. Maswali yake yanajulikana: iko wapi hasa, vyumba vingapi, gari linafika, maji yapo, bei gani. Kichwa humjibu kwa mfuatano huohuo: "Goba Njia Nne: nyumba ya vyumba 4 inauzwa, mita 400 kutoka lami, hati miliki, Sh milioni 280". Hizo ni herufi zisizofika 100. Mahali pametangulia kwa sababu familia huchagua kwanza upande wa mji, kutokana na kazi na shule za watoto, ndipo ichague nyumba. Neno "inauzwa" halina budi kuwamo, la sivyo nusu ya simu zitatoka kwa wapangaji.

Aya yake ya kwanza inaweza kusomeka hivi:

"Nyumba iko mtaa wa makazi uliokwisha kujengeka, na gari dogo linafika getini hata masika. Ina vyumba vinne vya kulala, viwili masta, sebule, sehemu ya kulia na jiko lenye stoo. Maji ya DAWASA yanaingia ndani, na tanki la lita 5,000 linasaidia siku za mgawo. Mita 400 za mwisho kutoka lami ni changarawe. Kiwanja ni mita za mraba 900, kimezungushiwa ukuta na kina hati miliki."

Sentensi ya changarawe imewekwa kwa makusudi. Wauzaji wengi huiogopa, lakini mnunuzi ataiona barabara hiyo kwa macho yake dakika chache kabla ya kuiona nyumba. Akiwa ameshaambiwa, ataipita akiwaza nyumba. Asipoambiwa, atafika getini akijiuliza ni nini kingine kimefichwa. Kasoro moja inayoonekana wazi, ikitajwa katikati ya aya, huyapa nguvu maneno yanayoizunguka. Kasoro isiyoonekana, kama mgogoro wa mpaka, haina nafasi katika tangazo kabisa. Hiyo humalizwa kwanza, ndipo nyumba iuzwe.

Vilevile vyumba vya uani havikutajwa. Kwa familia ni ziada nzuri itakayokuja aya ya pili, kwa ajili ya mgeni au msaidizi wa nyumbani. Kwa mnunuzi wa pili, anayenunua ili apangishe, ndivyo vinavyoongoza: "Nyumba na vyumba viwili vya kupangisha vyenye geti lao, Goba Njia Nne, inauzwa Sh milioni 280". Aya inayofuata kwake ni ya hesabu, na hapa ndipo matangazo mengi huharibika.

Tuseme kila chumba cha uani kwa sasa kinalipiwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Viwili vinaleta 300,000, sawa na milioni 3.6 kwa mwaka. Nyumba kubwa anaishi mwenyewe, hivyo haina kodi inayojulikana; nyumba za jirani zinazofanana nayo, tuseme, zinapangishwa kwa shilingi 900,000, yaani milioni 10.8 kwa mwaka. Jumla ni milioni 14.4, na ukigawa kwa milioni 280 unapata kidogo zaidi ya asilimia 5 kwa mwaka. Tangazo la kweli hutenganisha fedha inayopokelewa na ile inayokadiriwa:

"Vyumba viwili vya uani vina wapangaji, jumla Sh 300,000 kwa mwezi, kila kimoja na LUKU yake. Nyumba kubwa ya vyumba vinne iko tayari kupangishwa. Nyumba zinazofanana nayo mtaani zinapangishwa kwa takriban Sh 900,000. Mapato haya ni kabla ya kodi na matengenezo."

Maneno "kabla ya kodi" si mapambo. Mpangaji akiwa kampuni au taasisi, hukata asilimia 10 ya kodi ya pango kama kodi ya zuio na kuiwasilisha TRA. Mnunuzi wa biashara analijua hilo, na akiona tangazo limelijua pia, hupunguza maswali. Akiona "inajilipa yenyewe" bila tarakimu hata moja, hupita. Sifa za jiko na sebule hazimhusu sana. Mita mbili za umeme zinamhusu zaidi, maana huondoa ugomvi wa kugawana bili.

Mnunuzi wa tatu yuko mbali: Mtanzania anayefanya kazi Muscat, London au Minnesota, ambaye ataiona nyumba kwa video na kumtuma ndugu akaikague. Hofu yake kubwa ni kutapeliwa, ndiyo maana kichwa chake huanza na hati: "Hati miliki kwa jina la muuzaji: nyumba ya vyumba 4, Goba Njia Nne, Sh milioni 280". Aya yake ya kwanza hueleza nani anauza na jinsi ya kuthibitisha. Muuzaji ndiye aliyeandikwa kwenye hati. Mwenzi wake ameridhia kwa maandishi, na ridhaa ya mwenzi ni jambo ambalo Sheria ya Ndoa ya 1971 inalitaka kabla ya nyumba ya familia kuuzwa. Mnunuzi au wakili wake anakaribishwa kukagua kumbukumbu za hati katika ofisi ya ardhi kabla ya kulipa chochote. Vyumba na maji hufuata baadaye.

Jambo la kukwepa hapa ni kubandika picha ya hati mtandaoni. Tapeli huichukua picha hiyo na kuiuza nyumba kwa mtu mwingine akiwa hana hata ufunguo. Inatosha kuandika kwamba hati ipo, na namba ya kiwanja apewe anayeuliza kwa dhati. Bei nayo ibaki kwa shilingi hata kama mlengwa analipwa kwa dola, kwani kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutaja bei kwa fedha za kigeni ndani ya Tanzania. Na uraia wa anayelengwa uzingatiwe. Sheria ya Ardhi ya 1999 humwekea asiye raia mipaka katika kumiliki ardhi, kwa hiyo kumshawishi mtu aliyekwisha kuchukua uraia wa nchi nyingine bila kumwambia apate ushauri wa wakili ni kumpotezea muda.

Yupo pia mnunuzi anayetaka kiwanja tu ili abomoe ajenge upya. Kwa Goba ni nadra. Kwa nyumba za zamani za Sinza au Magomeni ni kawaida, na kichwa chake huanza na mita za mraba na matumizi yaliyoandikwa kwenye hati.

Kwa wanunuzi wote, neno la kuangaliwa sana ni "hati". Leseni ya makazi hutolewa kwa muda mfupi katika maeneo ambayo hayajapangwa, nayo si hati miliki. Karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa ni ushahidi wa mauziano, nayo pia si hati miliki. Kuandika "ina nyaraka zote" ili kufunika tofauti hiyo hakusaidii, kwa sababu mnunuzi anayetegemea mkopo atagundua siku benki itakapoomba hati. Ni bora kichwa kiseme "leseni ya makazi" waziwazi. Wapo wanunuzi wa fedha taslimu wanaoikubali, kwa bei yake.

Tangazo likishatoka, makosa yake huonekana kwenye simu zinazoingia. Wapigaji wakiuliza "iko wapi?" au "bei gani?", kichwa kimeacha vitu hivyo nje au kimevisukuma mahali vinapokatwa. Wengi wakija kuona na kuondoka bila kutaja bei, aya ya kwanza imeahidi kisichokuwepo. Wakiuliza mapato ya vyumba vya uani wakati tangazo liliandikwa kwa familia, soko limemchagua mnunuzi mwingine, na kichwa kiandikwe upya kwa ajili yake. Simu zisipoingia kabisa wiki mbili tatu, na kichwa kinataja mahali, vyumba, hati na bei, basi kosa haliko tena kwenye maneno. Liko kwenye picha, au liko kwenye hizo milioni 280.