Kadi Yangu, Akaunti Yao

Jioni moja Kariakoo, mama mmoja anayeuza vitenge aliniwekea simu yake juu ya jora ambalo lilikuwa bado halijakatwa. "Kaka, kadi ni yangu, picha ni zangu, wateja ni wangu. Sasa akaunti inakuwaje ya kwao?"

Wiki hiyo alikuwa ameachana na wakala aliyemfanyia matangazo ya Facebook na Instagram kwa miaka miwili. Hawakugombana. Bei ilipanda, akashindwa, wakaagana vizuri. Kesho yake alipotaka kuendelea mwenyewe, akaunti ya matangazo hakuiona tena.

Tulifungua kompyuta tukaingia kwenye mipangilio ya biashara yake, business.facebook.com/settings. Ukurasa wake wa Facebook ulikuwepo, Instagram ilikuwepo, lakini kwenye sehemu ya Ad accounts palikuwa patupu. Tukampigia kijana wa wakala, naye kwa uungwana akatutumia picha ya skrini yake. Chini ya jina la akaunti kulikuwa na maandishi madogo, "Owned by", likifuatiwa na jina la wakala.

Meta huweka mali zote za biashara ndani ya kitu kinachoitwa portifolio ya biashara, ambacho wengi bado wanakijua kwa jina la zamani, Business Manager. Ndani yake mna ukurasa, akaunti ya Instagram, akaunti ya matangazo, na pikseli, yaani kile kipande cha kodi kinachowekwa kwenye tovuti ili kijue nani ametembelea na nani amenunua. Akaunti ya matangazo inaweza kutumiwa na kampuni nyingi kwa wakati mmoja, lakini mwenye mali ni portifolio moja tu. Ikishaingizwa kwenye portifolio, haitolewi wala haihamishiwi kwingine. Kwa hiyo wakala anapomwambia mteja mpya, "tulia mama, tutakufungulia akaunti," na kuifungua ndani ya portifolio yake, amekwisha kuamua itabaki kwa nani siku ya kuachana. Mara nyingi hana nia mbaya, anataka tu kuanza kazi leo. Kadi ya benki haibadilishi kitu hapo: inaonyesha nani analipa, haionyeshi nani anamiliki.

Mama wa vitenge alipoteza nini hasa? Kumbukumbu ya miaka miwili: tangazo gani liliuza, kwa shilingi ngapi, kwa watu gani. Alipoteza pia makundi ya walengwa yaliyojengwa kwenye akaunti ile, na pikseli ya tovuti yake, kwa sababu nayo ilifunguliwa kwa wakala. Vingine viliokolewa. Ukurasa ulikuwa wake, kwa hiyo kwenye akaunti mpya tuliweza kuunda upya kundi la watu waliougusa ukurasa huo hadi siku 365 zilizopita. Namba za simu za wateja alikuwa nazo kwenye daftari lake la oda, na wale waliokuwa wamekubali kutumiwa matangazo tukawapakia kama orodha. Kundi la waliotembelea tovuti lilibidi lianze sifuri na pikseli mpya, wakati pikseli huweza kuwakumbuka wageni hadi siku 180. Hiyo ni miezi sita ya kumbukumbu iliyobaki kwa watu wengine.

Safari hii tulianza upande sahihi. Portifolio ni ya mama, na wasimamizi wenye mamlaka kamili ni wawili, yeye na mdogo wake. Wawili, kwa sababu kila msimamizi huingia kwa akaunti yake binafsi ya Facebook, na akaunti hiyo ikiibwa au ikifungiwa, duka zima linabaki nje ya mlango. Wote wawili wamewasha uthibitisho wa hatua mbili. Akaunti ya matangazo na pikseli vimefunguliwa humo humo, na kadi imewekwa na mama kwa mkono wake.

Wakala mpya hakupewa nywila ya mtu yeyote. Alituma namba ya utambulisho ya portifolio yake, ambayo ni tarakimu tupu asizokuwa na sababu ya kuzificha. Mama akaenda kwenye Partners, akabofya Add, akaingiza namba ile kama mshirika wa kupewa ruhusa, kisha akachagua mali moja moja: akaunti ya matangazo, ukurasa, pikseli. Baada ya hapo wakala ndiye anayewagawia wafanyakazi wake. Kijana wao akiacha kazi, wanamwondoa wao, na mama hahitaji hata kumjua jina.

Ni kwenye ngazi za ruhusa ambapo watu wengi hubofya bila kusoma. Kwa akaunti ya matangazo zipo tatu za kujali. Ya chini ni kuona matokeo tu. Ya kati ni kuunda na kusimamia kampeni. Ya juu ni kuisimamia akaunti yenyewe, pamoja na malipo na kuwapa watu wengine ruhusa. Wakala anaifanya kazi yake yote kwa ngazi ya kati. Akiomba ya juu, muulize anaihitaji kwa lipi. Kama ni kurekebisha malipo mara moja, mpe, kisha ishushe. Juu ya hayo mama aliweka kikomo cha matumizi cha akaunti nzima. Kikifikiwa, matangazo yote yanasimama mpaka yeye akiongeze, na mwenye ngazi ya kati hawezi kukigusa.

Kuna ombi moja la kuogopa. Mwenye akaunti binafsi ya matangazo, kwa mfano aliyekuwa akikuza machapisho kwa simu yake tu, anaweza kuletewa na wakala ombi la kukubali. Ombi la kushirikishwa akaunti ni salama. Ombi la kuiingiza kwenye portifolio ya wakala ni kuhamisha umiliki moja kwa moja, na mbele ya mtu mwenye haraka yote mawili yanafanana: taarifa imeingia, kitufe kipo, kidole kinabofya.

Nimekaa upande wa wakala pia, na malalamiko yao ni ya haki. Mteja mwenye mamlaka kamili huamka usiku, anaona mauzo mazuri, anapandisha bajeti kutoka 20,000 hadi 60,000 kwa siku. Badiliko kubwa namna hiyo huweza kulirudisha tangazo kwenye kipindi cha kujifunza, na mfumo huhitaji matokeo kama 50 ndani ya wiki moja ili utulie tena. Siku zinazofuata gharama zinayumba, na anayeulizwa ni wakala. Kumnyima mteja ruhusa hakutatui hilo, na akaunti ni yake. Kinachosaidia ni historia ya shughuli iliyomo ndani ya akaunti, inayoonyesha nani alibadilisha nini na saa ngapi. Mama na wakala wake wamekubaliana hivi: yeye anaona kila kitu, anaweza kusimamisha tangazo lenye kosa saa yoyote, ila bajeti inabadilishwa na wakala baada ya ujumbe wa WhatsApp.

Kabla sijaondoka tulijaribu siku ya kuachana. Mama alifungua Partners, akalichagua jina la wakala, akamwondoa. Tukampigia yule kijana, akasema kwake akaunti imetoweka. Kwenye skrini ya mama kampeni mbili zilikuwa bado zinatembea, na takwimu zake zote zipo. Akamrudisha, akafunga kompyuta, akaendelea kupima vitenge.