Mishororo miwili chini ya picha

Mshairi anapoweka picha Instagram na kuandika ubeti chini yake, anaandikia mahali penye mipaka. Maelezo ya picha yanaruhusiwa kufika alama 2,200, lakini msomaji anayepita huona takribani 125 za mwanzo tu. Ili asome zaidi, sharti abonyeze, na wengi hawabonyezi.

Hapo tarbia yetu inapata taabu. Mshororo wa mizani 16 huchukua alama kama 40, kwa hiyo mishororo minne inafika 160. Unaofichwa ni wa nne, na kibwagizo hukaa huko huko. Msomaji anapewa shairi lililokatwa ulimi. Ndiyo maana naipendelea tathnia, ubeti wa mishororo miwili.

Tuseme picha ni ya mbuzi ya nazi iliyotundikwa ukutani, na mwandishi amefiwa na mama. Jaribio la kwanza huwa hivi:

Mbuzi iko ukutani, mama hayuko nyumbani,
hakuna nazi jikoni, kuna huzuni moyoni.

Mizani imetimia, nane kwa nane. Vina vipo, ingawa kina cha "ni" ni cha bei rahisi: karibu kila nomino hukubali kutiwa "ni" mwishoni. Kasoro kubwa ni kwamba shairi linarudia kazi ya picha. Mbuzi tunaiona. Na huzuni ikishatajwa kwa jina lake, msomaji hana la kufikiri. Anaweka alama ya moyo na kupita.

Sasa tuiache mbuzi picha iiseme, nasi tuseme kisichoonekana:

Wali wangu wasifika, sasa nami nina mvi,
bado ninaukumbuka, wali wako bila chumvi.

Alama 81, nafasi na vituo vikiwemo, na ubeti mzima unaonekana bila kubonyeza. Kifo hakikutajwa. Kuna mpishi aliyezeeka akisifiwa, na wali wa mwingine uliokuwa na kasoro. Kasoro hiyo ndiyo inayomsumbua. Msomaji anarudi kwenye picha kuuliza mbuzi ile ilikuwa ya nani.

Anayehesabu mizani atasita kwenye "mvi". Neno hilo lina mizani mbili, kwa kuwa "m" inatamkwa peke yake, m-vi, lakini katika "chumvi" imemezwa: chu-mvi, mbili pia. Ukizihesabu sawa kwa macho, mshororo wa kwanza utaonekana una upungufu. Soma kwa sauti. Sikio ndilo hakimu.

Ubeti ukishakamilika, kuna kishawishi cha kuongeza chini yake sentensi ya kufafanua: "Nimemkumbuka mama leo." Usiiandike. Ukiona bila hiyo shairi halieleweki, rudi kwenye mshororo wa pili uuandike upya.